Miezi 180 ya Baharia wa Dagaa

Kunduchi na Kigamboni, mabaharia wa boti za dagaa hawagawani pesa mwisho wa mwezi. Wanagawana mbalamwezi ikishaingia. Dagaa huvuliwa kwa taa, na taa inavuta samaki pale tu anga ni jeusi. Mwezi ukikaribia kujaa, bahari nzima inakuwa na mwanga, samaki wanatawanyika, na vyombo vinakaa pwani siku kadhaa. Hizo ndizo siku za kushona nyavu, kufungua mashine na kufanya hesabu. Kipindi cha kuvua kati ya mbalamwezi moja na nyingine tunakiita giza. Mzunguko mmoja wa mwezi una siku 29 na nusu, kwa hiyo siku ya mgao inarudi nyuma kwenye kalenda ya ukutani kama Ramadhani inavyorudi, siku 11 hivi kila mwaka. Mwaka huu mgao wa giza fulani utaangukia tarehe 3, mwakani utakuwa umesogea hadi karibu na tarehe 22 ya mwezi uliotangulia.

Mtu wa namna hii akiletewa fomu ya mchango wa uzeeni, inamwambia alete kiasi kilekile kila mwezi. Ninashika daftari la hesabu la boti ya familia yetu, na maswali ya mabaharia kuhusu fomu hizo huwa yanaishia kwangu. Nimekaa nayo sana, na nimefikia mahali pa kuamini kwamba watu wengi wanaozungumzia suala hili wanaanza na swali lisilo sahihi. Wanauliza kama mvuvi anaweza kuchangia. Kwa mwaka mzima, wengi wanaweza. Kinachowatoa nje ni namna mchango unavyohesabiwa na mahali unapokatwa. Nitaonyesha kwa boti moja ya mfano. Tarakimu nimezitunga mimi ili hesabu iwe rahisi kuifuata, lakini mtu yeyote aliyewahi kukaa kwenye mgao ataitambua sura yake.

Boti yetu ya mfano ni ya ringineti, wavu wa kuzungushia samaki, na mgao wake una mafungu 30. Watu hawafiki 30. Nahodha anachukua zaidi ya fungu moja, fundi wa mashine na mtu wa taa wana nyongeza yao, na baharia wa kawaida ana fungu moja. Pesa ya mauzo ikishakusanywa, kwanza zinatoka gharama: petroli, oili, barafu, chakula cha baharini, betri, ushuru. Kinachobaki kinakatwa katikati. Nusu ni ya chombo, yaani boti, mashine na nyavu, na inakwenda kwa tajiri. Nusu ni ya watu. Si kila pwani inagawa hivi, zipo zinazotenga fungu la mashine peke yake na la nyavu peke yake, ila msingi ni huo: gharama kwanza, kisha chombo na watu.

Giza zuri, boti inauza dagaa wa shilingi milioni 30. Gharama ni milioni 9, zinabaki 21, nusu ya watu ni milioni 10 na laki 5. Ukigawa kwa mafungu 30, baharia anapata 350,000. Giza la wastani mauzo ni milioni 16 na gharama milioni 7. Zinabaki 9, nusu ni milioni 4 na nusu, baharia anapata 150,000. Halafu lipo giza baya. Kusi linapokaza, Juni kuelekea Agosti, upepo unafunga bahari usiku mwingi, boti inatoka mara chache na kurudi na ndoo chache. Mauzo milioni 6, gharama milioni 5 na laki 4. Zinabaki laki 6, za watu laki 3, na baharia anaondoka na shilingi 10,000 pamoja na kitoweo alichobeba asubuhi.

Angalia gharama. Mauzo yameshuka kutoka milioni 30 hadi 6, mara tano, lakini mgao wa baharia umeshuka kutoka 350,000 hadi 10,000, mara 35. Petroli hailali kwa sababu samaki hawapo. Boti inayotafuta inachoma mafuta kuliko boti iliyopata. Hii ndiyo tofauti ya mvuvi na mchuuzi wa kawaida wa Kariakoo, ambaye siku mbaya anauza nusu ya alichozoea. Mgao wa baharia ni masalia baada ya kila mtu mwingine kulipwa, na masalia yanayumba kuliko kitu chochote.

Tuseme mwaka una giza tano nzuri, nne za wastani na tatu mbaya. Baharia wetu anapata 1,750,000, kisha 600,000, kisha 30,000. Jumla yake ni 2,380,000 kwa mwaka. (Miaka mingine inaingia giza ya kumi na tatu, lakini tuiache.)

Sasa tulete mchango. NSSF, ambao ndio wanaosajili waliojiajiri upande wa Bara, wanatangaza kiwango cha chini cha 30,000 kwa mwezi. Kwa mwaka ni 360,000, yaani asilimia 15 hivi ya alichopata baharia wetu. Ni mzigo, sikatai, lakini ni mzigo unaobebeka kwa mwaka. Na ili mtu apate pensheni ya kila mwezi akifika umri wa kustaafu, sheria inataka awe na michango ya miezi isiyopungua 180, ambayo ni miaka 15 ikiwa hakuna mwezi hata mmoja uliokosekana. Asiyefikisha hapotezi alichoweka, anapewa mafao ya mkupuo. Lakini mkupuo ndicho kitu ambacho mvuvi amekuwa nacho maisha yake yote. Alichokuwa anatafuta ni pesa inayokuja kila mwezi.

Akijaribu kulipa 30,000 mwezi kwa mwezi, giza tisa atalipa, kwa kujibana kwenye zile za wastani. Giza tatu mbaya hatalipa, kwa sababu huwezi kutoa 30,000 kwenye 10,000. Ana michango tisa kwa mwaka. Miezi 180 kwa mwendo wa tisa ni miaka 20. Aliyeanza akiwa na miaka 42 hafiki 180 kabla ya 60.

Tuseme wakubaliane kitu chenye busara zaidi: kila mgao ukatwe asilimia 15. Giza zuri anachangia 52,500. La wastani 22,500. Baya 1,500, ambayo haimuumizi mtu. Kwa mwaka ametoa 262,500 na 90,000 na 4,500, jumla 357,000. Ni pungufu ya ile 360,000 kwa shilingi 3,000 tu. Kila mtu angesema tatizo limekwisha.

Halijaisha, na hapa ndipo ninapowaomba wasomaji wakae kidogo. Pesa hiyohiyo, 357,000, ina maana tofauti kabisa kulingana na anayeihesabu anatazama nini. Kama mfumo unatazama kila mwezi na kuuliza, “Je, mwezi huu zimeingia 30,000?” basi giza tano nzuri zinahesabiwa, na hizo nyingine saba hazihesabiwi, kwa sababu 22,500 haijafika 30,000. Ana miezi mitano kwa mwaka. Miezi 180 kwa mwendo wa mitano ni miaka 36. Kama mfumo unatazama mwaka na kuuliza, “Mwaka huu ameingiza kiasi gani, na ni miezi mingapi ya 30,000?” basi ana miezi 11, na chenji ya 27,000 inayosogezwa mwaka unaofuata. Atafikisha 180 mwanzoni mwa mwaka wa 16.

Ni mtu mmoja, jasho moja, shilingi zilezile. Kwa hesabu moja anastaafu na pensheni, kwa nyingine anatakiwa aishi na kuvua mpaka uzeeni mno. Wala hakuna aliyemdhulumu. Ni kanuni ya kompyuta tu iliyoandikwa kwa kumfikiria mtu wa mshahara, ambaye kwake mwezi na mwaka vinatoa jibu moja.

NSSF wanawaruhusu waliojiajiri kuchangia kwa siku, kwa wiki, kwa mwezi au kwa msimu, na hilo ni jambo jema kweli. Lakini ruhusa ya kulipa wakati wowote ni kitu kimoja, na namna malipo yanavyogeuzwa kuwa miezi ni kingine. Ndiyo maana ninamwambia kila baharia anayekuja kwangu na risiti: usiulize dirishani kama pesa yako imefika. Uliza mchango huu umeandikwa miezi mingapi, na ni ya lini. Kisha omba taarifa ya michango yako mara moja kwa mwaka na uisome mstari kwa mstari. Utaona mapema kama malipo makubwa ya giza zuri yameenea kwenye miezi kadhaa au yamerundikwa kwenye mwezi mmoja. Mwaka mmoja ukishapita bila kutazama, kurekebisha ni kazi. Kumi ikipita, ni kesi.

Ghana waliamua mchango wa wakulima wa kakao ukatwe kwenye mauzo. Mpango wao ulizinduliwa Desemba 2020: mkulima anakatwa asilimia 5 ya kakao anayouza, na bodi ya kakao inamwongezea asilimia 1. Brazili wamekwenda mbali zaidi tangu sheria yao ya 1991. Mkulima mdogo na mvuvi mdogo wanachangia asilimia ndogo ya mauzo, kidogo zaidi ya 1, na mara nyingi mnunuzi ndiye anayeikata na kuiwasilisha. Halafu linapokuja suala la pensheni, hawahesabu miezi aliyolipa. Wanahesabu miezi aliyofanya kazi hiyo, na pale pia ni 180. Mwezi ambao alikuwa mvuvi lakini hakuvua kitu ni mwezi wake. Inawezekana kwa sababu serikali yao inabeba sehemu kubwa ya gharama, na sitaki kujidanganya kwamba asilimia 1 ya dagaa wa Kunduchi italipa pensheni ya mtu. Lakini wazo la kutenganisha muda na pesa ni kubwa, na ni la kuazima hata kwa sehemu.

Mahali pa kukata ndipo ugomvi ulipo pwani.

Wapo wanaosema asilimia ikatwe mnadani. Pale Feri, soko la samaki la Dar, dalali anauza, wanunuzi wanapandisha bei, dalali anaandika, na ushuru unakatwa hapohapo. Kwa nini mchango wa uzeeni usikatwe pia? Pesa bado iko pamoja, hakuna aliyeigusa, na anayekata si tajiri wala nahodha. Ni hoja nzuri na inanivutia. Lakini irudishe kwenye boti yetu. Pensheni ni ya mabaharia, kwa hiyo tuseme makato yanabebwa na fungu la watu peke yake. Asilimia 5 ya mauzo ya giza zuri ni milioni 1 na nusu, ambayo ni asilimia 14 hivi ya fungu la watu. Sawa. Asilimia hiyohiyo 5 kwenye giza baya ni 300,000. Fungu zima la watu giza hilo ni 300,000. Mabaharia wangerudi nyumbani na kitoweo peke yake, na mara ya pili hiyo ikitokea, samaki watashushwa pwani nyingine kabla ya kufika mnadani. Makato ya mauzo ghafi yanafaa yakiwa madogo sana, kama ya Brazili. Yakiwa makubwa ya kutosha kujenga pensheni, yanavunja giza baya.

Kwa hiyo yakatwe baada ya gharama, kwenye fungu la watu, kabla halijawa mafungu 30. Hapo asilimia inafuata masalia, sio mauzo. Shida yake ni kwamba sasa kila kitu kinategemea ukweli wa gharama, na gharama zinaandikwa na upande wa tajiri. Lita 40 zikiandikwa 55, mgao unapungua na mchango unapungua nao, na baharia anaibiwa mara mbili, leo na uzeeni.

Kwenye daftari letu tulifikia utaratibu ambao naweza kuueleza kwa dakika moja. Kila safari ina mstari wake: tarehe, lita zilizoingia, bei ya lita, barafu, vingine, ndoo zilizoshuka, bei ya ndoo, jina la dalali. Risiti ya sheli inabanwa pembeni. Mabaharia wanachagua mtu wao mmoja, si nahodha, ambaye anasaini kila mstari siku hiyohiyo na si siku ya mgao. Kusaini siku hiyohiyo ndio moyo wa jambo lenyewe. Siku ya mgao kuna pesa mezani, watu wana njaa ya pesa, na hakuna anayekumbuka kama Jumanne ile ya upepo zilikuwa lita 40 au 55. Na dalili ya daftari lililopikwa ni rahisi kuiona ukishaizoea: lita zinakuwa sawasawa usiku hadi usiku. Bahari haina usiku mbili zinazochoma sawa. Ukiona 50, 50, 50 kwa wiki nzima, mtu aliandika akiwa amekaa kivulini.

Nahodha mmoja mzee aliniuliza, “Mwanangu, sasa tukishakata, nani anashika?” Ni swali ambalo mpango wowote usiolijibu utakufa. Pesa iliyokatwa ikikaa kwa nahodha au kwa tajiri hata wiki mbili, itanunua petroli ya giza linalofuata. Wala si lazima kuwe na mwizi; boti imekwama, pesa ipo, itarudishwa. Haitarudi. Kinachofanya kazi ni kila baharia kuwa na namba yake ya uanachama na mchango wake kutumwa kwa simu palepale mgao unapofanyika, yeye akiwepo na ujumbe wa malipo ukiingia kwenye simu yake. Karani anaandika kumbukumbu ya muamala kwenye daftari, mbele ya jina. Inachukua saa moja zaidi. Tajiri wetu alilalamika mwanzoni kwamba tunachelewesha watu, na nilimwelewa, maana watu wamekaa pwani wakisubiri kwenda nyumbani. Siku hizi anasubiri.

Namba iwe ya mtu na si ya boti kwa sababu ya dago. Baharia wa Dar hakai boti moja. Msimu ukigeuka, nusu yao wanakwenda dago, Mafia, Kilwa, Songosongo, wanapiga kambi miezi kadhaa na boti nyingine, nahodha mwingine, tajiri asiyewajua. Mpango wowote ulioandikishwa kwa jina la chombo unampoteza mtu huyu siku anapopanda jahazi. Hapa BMU, vile vikundi vya usimamizi wa fukwe, vingeweza kufanya jambo ambalo hakuna mwingine anaweza: kuthibitisha kwamba mtu fulani alikuwa mvuvi kwenye mwalo wao kuanzia mwezi huu hadi mwezi ule. Vinapokea wageni wa dago, vinawajua. Karatasi hiyo leo haina kazi kwenye pensheni. Siku tukianza kuhesabu muda wa kazi kando ya pesa, itakuwa na kazi kubwa, na ningependa tuanze kuiandika kabla ya siku hiyo.

Wakulima wana shida ya aina nyingine, na nataka kuigusa kwa sababu watu wanawaweka kapu moja na wavuvi. Chukua mkulima wa korosho wa Mkuranga, jirani zetu hapa. Korosho zake zinapelekwa AMCOS, chama cha ushirika cha wakulima, zinaingia ghalani kwa mfumo wa stakabadhi, zinauzwa mnadani kuanzia Oktoba hivi, na pesa inaingia kwenye akaunti yake ya benki, pengine kwa mkupuo mmoja au miwili. Kwake mahali pa kukata pako wazi, na rekodi ipo: kilo, bei, tarehe, jina. Daftari langu lote la lita na ndoo yeye halihitaji. Tuseme ameuza tani 1 na kilo 200 kwa 3,000 kila kilo. Ni milioni 3 na laki 6, na 360,000 ni sehemu ya kumi. Anailipa siku moja na mwaka umekwisha.

Shida yake ni mwaka wenyewe. Ugonjwa wa ubwiri unga ukishika maua, au mvua ikinyesha wakati mkorosho unachanua, mavuno yanaweza kukatika nusu, na hakuna giza lingine baada ya wiki mbili la kufidia. Mvuvi anahitaji mfumo unaojumlisha miezi ndani ya mwaka. Mkulima anahitaji mfumo unaojumlisha miaka. Mwaka wa neema aruhusiwe kulipa miezi 24 kwa mkupuo na ihesabiwe kuwa 24, na mwaka mbaya akae bila kulipa, bila kuitwa mdaiwa. Na swali la kuuliza kabla ya kulipa mbele ni moja: nikifa Machi nikiwa nimelipa hadi Desemba, ile miezi tisa ni ya nani? Kwenye mafao ya warithi, idadi ya miezi ni kitu. Mtu asilipe mbele bila kupata jibu la maandishi.

Nirudi pwani, kwa sababu kuna jambo moja ambalo huamua kama haya yote yatadumu zaidi ya mwaka mmoja. Pesa ya uzeeni imefungwa, na inatakiwa ifungwe. Lakini baharia ambaye pesa yake yote ya akiba imefungwa, kusi likimkuta, anakwenda kwa tajiri kukopa. Anakopa unga, ada, nauli ya hospitali. Mgao wa giza zuri unapokuja, deni linakatwa kwanza, na asilimia 15 inakatwa juu yake. Baada ya misimu miwili ya hivyo, ataomba kutolewa kwenye mpango, na atakuwa na haki. Kwa hiyo pembeni ya mfuko uliofungwa lazima kuwe na mfuko unaofunguka, na huo wa pili mabaharia wanao tayari. Ni kikoba.

Kikoba cha kawaida cha mjini kimepangwa kwa watu wa kipato cha kila wiki. Kikao ni kila Jumamosi, mtu ananunua hisa moja hadi tano, asiyefika anapigwa faini, na kinavunjwa Desemba. Ile ya hisa moja hadi tano inamfaa mvuvi vizuri sana. Giza zuri ananunua tano, baya moja. Mengine yote yanampinga. Jumamosi ya giza yuko baharini au amelala kwa uchovu, hivyo anapigwa faini kwa sababu alikuwa kazini. Na kuvunja Desemba ni kumpa pesa wakati kaskazi ndiyo inaingia na bahari inaanza kulipa, kisha kumwacha mikono mitupu Juni.

Tulichobadilisha ni vitu viwili. Kikao ni mara moja kwa mwezi wa angani, siku inayofuata mgao, kwa hiyo tarehe inatembea na hakuna anayeilalamikia kwa sababu kila mtu pwani anajua mwezi uko wapi. Na tunavunja mwanzoni mwa Juni, kusi likianza kukaza. Mjadala ulikuwa mrefu. Wenye watoto shuleni walitaka Januari kwa ajili ya ada, na hoja yao ilikuwa na uzito. Tukafanya hesabu palepale: Januari baharia ana mgao wa kaskazi mkononi na anaweza kulipa ada kutoka huko. Julai hana. Aliyetaka pesa ya ada akaruhusiwa mkopo mdogo wa Januari dhidi ya hisa zake, unaorudi kwa giza mbili, na mkopo huo haupiti nusu ya hisa alizonazo.

Kitu ambacho bado hatujapatana ni wanawake wanaonunua dagaa wetu pwani, wanaochemsha na kuanika. Wanataka kuingia kwenye kikoba hicho. Pesa yao inachelewa nyuma ya yetu: boti ikipata, wao wanatoa pesa, wanauza wiki mbili au tatu baadaye, dagaa wakishakauka na gari la bara likija. Siku ya kikao chetu, siku ambayo mabaharia wamejaa pesa, mama hao wana magunia na hawana shilingi. Pendekezo lililopo mezani ni kwamba wao wanunue hisa zao katikati ya giza, kwa karani, na kikao kizisome tu. Nahodha anaona ni sawa. Wenyewe wanataka pia wavunjiwe mwezi tofauti na sisi, kwa sababu masika, Aprili na Mei, jua hakuna, dagaa hawakauki, na huo ndio wakati wao wa njaa, mwezi mmoja kabla ya wetu. Giza lijalo tutaketi tena.